Wakulima tisa niliowatoa

"Nimehoji wakulima 214 wa kahawa Moshi Vijijini. Tisa walitaja mavuno makubwa mno, nikawatoa, matokeo yakakaa vizuri. Kwenye sura ya mbinu niandike tu 'data zilisafishwa'?"

Hapana, ndugu yangu. Kwanza rudi kwenye madodoso ya hao tisa. Huku kwetu mmoja hutaja kilo za matunda mabivu, jirani yake za kahawa iliyomenywa na kukaushwa, na kilo tano hivi za matunda hutoa moja ya iliyokaushwa. Wa namna hiyo unambadilishia kipimo, humtoi. Aliyeandikwa 4500 wakati dodoso linasema 450, sahihisha. Mwenye mfereji na mavuno ya kweli anabaki, hata kama anakuharibia mchoro.

Tuseme umekuta sita wa kipimo, mmoja wa kuandika, wawili wa kweli. Andika hivi: "Kati ya kaya 214, thamani 7 zilirekebishwa kwa kurejea madodoso (6 kipimo, 1 uingizaji). Kaya 2 zenye mavuno makubwa zilibakizwa. Awali kaya zote 9 ziliondolewa baada ya kuona matokeo. Uchambuzi huo umo kwenye kiambatisho."

Sentensi inayoanza na 'Awali' inauma, najua. Ila usiifiche kwa kudai ulikata waliozidi mikengeuko sanifu mitatu. Kigezo hicho hukukiweka mapema, tena thamani kubwa huukuza mkengeuko wenyewe, kwa hiyo huenda hata kisingewakamata wote. Na ukague madodoso ya waliotaja kidogo mno pia. Makosa ya kipimo hayako juu tu.