Mwanangu, kabla hujachongesha pua

"Shikamoo Mama. Nimepata miadi na daktari wa upasuaji wa urembo tarehe 14 Agosti. Nataka kuchongesha pua kabla ya harusi ya Desemba. Wewe umekaa thieta miaka yote hiyo, niambie: nimuulize nini, na nitegemee pua ya namna gani?"

Marahaba mwanangu.

Sikukatazi. Una miaka 28 na pua ni yako, japo ukweli ni kwamba ni ya bibi yako mzaa baba, ile ile, hata ukicheka inavyotanuka. Lakini neno lako "kuchongesha" limenikwamisha. Linanipa picha ya seremala na randa yake, anapunguza ubao mpaka uingie mahali pake. Pua kama yako haitengenezwi hivyo.

Ishike sasa hivi. Juu, kati ya macho, unagusa mfupa. Teremsha kidole taratibu: kabla hujafika katikati mfupa umeshaisha, na kuanzia hapo ni gegedu, kitu kigumu kidogo kama sikio. Ukifika nchani, bana ngozi kwa vidole viwili. Ni nene na ina mafuta. Sasa bonyeza ncha yenyewe uone inavyozama, maana gegedu lililo chini yake ni laini. Kwa pua ya namna hii, ngozi ndiyo inayoamua. Ukitandika shuka nyepesi juu ya kiti, unaona kila kona ya kiti. Ukitandika blanketi zito, unaona kifurushi tu. Wewe una blanketi. Daktari akipunguza gegedu ndani, ngozi nene hainywei kufuata kilichobaki. Nafasi aliyoiacha inajaa kovu, na ncha inaweza kuwa mviringo zaidi kuliko ulivyokwenda nayo.

Kwa hiyo anayezijua pua hizi mara nyingi hupunguza kidogo na kuongeza zaidi. Huweka gegedu kuinua mgongo wa pua na lingine kusimamisha ncha isogee mbele. Ukijitazama kioo kwa mbele unaona pua imekuwa nyembamba, kumbe imepanda tu. Baada ya hapo, ikihitajika, hukata milimita chache kwenye shina la mbawa za pua, pale zinapokutana na shavu. Chache kweli, kwa sababu tundu likishabanwa kupita kiasi kulirudisha ni kazi ngumu mno.

Sasa swali la kwanza la kumuuliza, na ukisahau mengine yote usisahau hili: hilo gegedu la kuongeza utalitoa wapi?

Kuna mahali patatu. Pa kwanza ni ule ukuta wa ndani unaotenganisha matundu mawili ya pua. Hapo kovu halionekani, lakini kwenye pua za kwetu ukuta huo mara nyingi hautoi gegedu la kutosha. Pa pili ni sikio. Pa tatu ni ubavu, ambako hukatwa chini ya titi. Ubavu una gegedu jingi na imara, ila linaweza kujipinda baadaye, na kila ukikohoa siku za mwanzo utajua ulikatwa.

Wewe unalo jambo ambalo daktari hataliona usipomwambia. Unakumbuka ulipotoga sikio la pili ukiwa kidato cha tatu? Lile nundu lililoota nyuma ya sikio la kushoto, tukahangaika na sindano za steroidi miezi kadhaa mpaka likalala? Ile ni keloidi. Pua yenyewe si mahali keloidi hupenda sana. Hupenda masikio, kifua na mabega. Tazama sasa: sehemu mbili ambako daktari angependa kuchukua gegedu ni sikio na kifua. Unaweza kutoka na pua nzuri na kovu la kidole gumba chini ya titi, linalowasha usiku. Nyanyua nywele umwonyeshe hilo sikio, kisha umwambie: "Mimi huota keloidi. Utakata wapi, na kovu likianza kuvimba utafanya nini?" Akikujibu kwamba usiwe na wasiwasi, hajajibu. Anayejua atakuuliza ndugu zako wakoje, atatazama chale zako nyingine, na pengine atakwambia kwamba kwa mtu kama wewe atajaribu kutumia ukuta wa pua peke yake na utosheke na mabadiliko madogo.

Kuna watakaokukwepesha habari ya gegedu kwa kukuambia wataweka silikoni. Ni rahisi, haikatwi popote pengine, na mgongo wa pua unasimama siku ile ile. Nilimhudumia mama mmoja aliyewekewa silikoni ng'ambo, kwenye kliniki nisiyotaka kuitaja. Mwaka wa kwanza alikuwa anajipiga picha kila siku. Mwaka wa tatu ncha ya pua ikaanza kuwa nyekundu, akadhani chunusi. Kisha ngozi pale ikang'aa kama ya mtu aliyeungua jua, ikawa nyembamba, akigusa inauma. Alipokuja kwetu kulikuwa na kitone cheupe kinachungulia. Si usaha, ni silikoni yenyewe inatoka. Ikabidi itolewe, dawa za kuua bakteria zifuate, kisha asubiri miezi pua ipone ndipo afikiriwe kutengenezewa upya kwa gegedu la ubavu, juu ya ngozi iliyokwisha kuharibika. Wapo wanaokaa nayo miaka mingi salama, sikatai. Lakini ukiwekewa kitu kisicho cha mwili wako, jua dalili zake ni zipi: wekundu usioisha, kung'aa, maumivu, au kitu kinachosogea ukigusa. Na usikubali kuchomwa puani filla, ile jeli ya kujazia chini ya ngozi, kama njia ya mkato. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, na imewahi kupofusha watu.

Swali la pili ni la picha. Mwambie akuonyeshe pua alizofanya zenye ngozi kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, kwa mbele, kwa upande, na kutokea chini ambako matundu yanaonekana. Picha ya mwezi wa tatu si jibu. Kisha umwombe ile ambayo haikumridhisha yeye mwenyewe na akueleze kwa nini. Huwa natazama uso wa daktari akiulizwa hivyo kuliko ninavyosikiliza maneno yake. Akikuchorea pua yako mpya kwenye kompyuta, itazame kama mazungumzo, isiwe mkataba. Kompyuta haina ngozi.

Na hizo selfi ulizonitumia kunionyesha "ubaya" wa pua, zifute. Ukishika simu sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio, kwa hiyo inatoka pana. Watafiti wa Marekani walilipigia hesabu hilo mwaka 2018, wakaona upana unaongezeka kwa karibu asilimia 30. Ukisogea mita moja na nusu, upotoshaji huo karibu unaisha. Mpe mwenzio simu, asimame hatua mbili mbele yako, akupige. Hiyo ndiyo pua watu wanayoiona mezani.

Sasa habari ya Desemba. Hapana, mwanangu. Juma la kwanza utakuwa na plasta ngumu puani na michubuko chini ya macho. Plasta ikitolewa, kama siku ya saba, utaona ncha iliyovimba na kuinuka kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na wengi hulia siku hiyo. Michubuko inaondoka ndani ya wiki mbili hivi. Uvimbe mkubwa unapungua miezi ya kwanza, lakini kwenye ngozi nene ncha haitulii kabla ya mwaka, wakati mwingine miwili. Ncha itakufa ganzi kwa muda na mdomo wa juu utakuwa mgumu ukicheka. Hutapiga chafya kwa kubana mdomo, wala hutapenga kamasi wiki za mwanzo. Miwani yako haitakaa puani kwa kama mwezi na nusu, na wewe bila miwani huoni daladala inakwenda wapi. Bibi harusi wa miezi minne baada ya upasuaji atapigwa picha na pua ambayo bado haijawa yake.

Mengine ni mafupi. Mwambie kwamba usiku unalala mdomo wazi, akuchunguze ndani ya pua kabla ya kusema lolote la nje. Jaribu mwenyewe: vuta shavu kwa kidole kuelekea sikioni huku unavuta pumzi. Kama hewa inapita vizuri zaidi, huenda njia ni nyembamba pale juu kidogo ya tundu, na pua ikibanwa zaidi utakuwa na pua nzuri usiyopumulia. Mtajie pia zile diklofenaki unazomeza ukiwa katika siku zako, na dawa za asili unazonunua, kwa sababu baadhi huongeza kutoka damu na atataka uziache wiki mbili kabla. Na shisha. Najua habari ya shisha. Iache mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada, ngozi isikose damu ya kuponea.

Muulize nani atakupiga nusu kaputi, kama ni daktari wa usingizi atakayebaki humo mpaka uamke, na kama thieta ina kitanda cha kulala ikitokea umetoka damu. Jina la daktari wa upasuaji mwenyewe litafute kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na umuulize alisomea upasuaji wa urembo au wa masikio, pua na koo, maana hao wawili ndio wenye pua. Kisha fedha: kati ya watu 100 wanaofanyiwa, 5 hadi 15 hurudi kurekebishwa, na marekebisho hayafanywi kabla mwaka haujaisha. Nani atalipa hiyo ya pili, na kwa maandishi? Yule rafiki yako anayekushawishi kwenda Istanbul muulize ni nani atakayemtazama mwezi wa sita, akisharudi Kinondoni.

Utamwona daktari atakuuliza kwa nini sasa, na nani alikwambia pua ina kasoro. Usimkasirikie. Huyo ndiye anayefaa.

Miadi usiivunje. Nenda ukasikilize, usilipe kitu siku hiyo hata wakikupa punguzo. Piga zile picha za mita moja na nusu, tatu, unitumie kabla ya Jumapili. Nitakuja Dar na basi la saa kumi na mbili asubuhi tarehe 13, twende wote.

Mama yako,
Tanga