Tangazo moja, tovuti tano

"Nafasi ya mhasibu Dar naiona tovuti tano. Nitajuaje ni ileile, nifute zipi kwenye orodha yangu?"

Ndugu, aliyekushauri ulinganishe vyeo kapatia nusu. Mawakala wa ajira hubadilisha cheo na kuficha jina la mwajiri, ila majukumu mara nyingi huyanakili neno kwa neno. Chukua sentensi isiyo ya kawaida, mfano "usuluhishi wa benki kwa matawi saba", uitafute mtandaoni ndani ya alama za kunukuu. Siku ya mwisho ya maombi ikilingana pia, karibu hakika ni moja. Tarehe ya kutangazwa usiiamini, tovuti nyingine huihuisha. Bakiza tangazo la mwajiri mwenyewe. Ila angalia kituo cha kazi: niliwahi kufuta "nakala", kumbe ilikuwa nafasi ya Mwanza.