Maegesho yana giza upande mmoja na taa zinachoma macho: kuongeza wati kutasaidia?

*"Wakuu, supamaketi yetu ina maegesho ya mita 64 kwa 32. Ukutani kuna fladilaiti 4 za wati 200, zimefungwa mita 5 kutoka chini. Upande wa mbali ni giza, na wateja wakiingia wanalalamika taa zinawapiga usoni. Fundi anasema tuweke za wati 400. Tufanyeje?"*

Mkuu, usinunue za wati 400. Ukizidisha taa zote mara mbili, palipong'aa patang'aa mara mbili na penye giza patapata mara mbili ya kidogo kilichokuwepo, kwa hiyo uwiano kati yao unabaki uleule. Jicho la dereva huzoea pale palipong'aa zaidi, na upande wa mbali ataendelea kuuona giza.

Uwiano huo hutokana na urefu wa taa, umbali, na jinsi taa inavyotawanya mwanga. Hesabu yake ni hii:

```
E = I × cos³θ / h²
```

E ni mwanga unaofika chini kwa luksi, I ni nguvu ya mwanga unaoelekea hapo kwa kandela, h ni urefu wa taa, na θ ni pembe kuanzia wima. Tuseme kandela ni sawa kila upande. Taa ya mita 5 itatoa chini yake mwanga mara 70 ya ule unaofika mita 20 mbele. Ipandishe hadi mita 8, na pengo linashuka hadi mara 20 hivi. Linalobaki linazibwa na lenzi inayopeleka kandela nyingi pembeni na chache chini.

Kuchomwa macho nako kunatokana na urefu huohuo. Kutoka mita 5, ukingo ulio mita 32 mbele uko pembe ya nyuzi 81, kwa hiyo fundi hana budi kuiinua fladi hadi ikaribie kulala mlalo, na hapo inamtazama dereva. Mwanga wa kuumiza macho ni ule unaotoka juu ya nyuzi 70 hivi. Ndiyo maana mimi husisitiza taa za kioo bapa, zifungwe bila kuinuliwa hata kidogo.

Niliwahi kupanga eneo linalokaribiana sana na lako. Magari yalikuwa yakiegeshwa safu nne, safu mbili za kati zikitazamana, na nguzo zikakaa kwenye mstari huo wa kati. Kwako uko mita 16 kutoka kila upande. Weka nguzo 3 za mita 8, kila moja na taa mbili zilizopeana mgongo. Ya kwanza iwe mita 10.7 kutoka ukingo, kisha acha mita 21.3 kati ya nguzo na nguzo. Kona ya mbali kabisa itakuwa pembe ya nyuzi 67.

Mwenye mali kwa kawaida huomba nguzo 2 ili kuokoa zege na kebo. Nafasi ikiwa mita 32, kona inafika nyuzi 70 na nusu. Kwa kandela zilezile mwanga wake unapungua kwa theluthi, na ili kuufidia itabidi uchague lenzi inayorusha mwanga kulekule kunakoumiza macho. Hapo mimi huwa sikubali.

Kiwango cha Ulaya EN 12464-2 kinataka wastani wa luksi 10 kwa maegesho yenye msongamano wa kati, na 20 kwa yenye msongamano mkubwa. Katika yote mawili, sehemu yenye mwanga mdogo kuliko zote isipungue robo ya wastani. Kwa luksi 10 kwenye mita zako za mraba 2,048, zinazohitajika chini ni lumeni 20,480. Mimi hukadiria asilimia 60 ya mwanga ndiyo inayotua panapotakiwa, na naacha asilimia 20 kwa vumbi na uchakavu. Inakuja takriban lumeni 7,100 kwa kila taa, yaani LED ya wati 50 hivi ikiwa ni nzuri. Jumla ni wati 300, wakati sasa unachoma 800.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji faili la `.ldt` au `.ies` la taa yenyewe uliingize kwenye DIALux, programu ya kompyuta ya kupangia taa. Asiyekuwa nalo hajui taa yake inarusha mwanga wapi. Angalia pia miti: mwarobaini ukikua hadi kimo cha taa, hesabu yote hii inaharibika. Kitako cha zege kiinuke sentimita 70 hivi juu ya lami, maana madereva watakirudia kinyumenyume.

Siku ya makabidhiano, nenda usiku usio na mbalamwezi na kipima luksi halisi, si cha simu. Pima kwenye lami kila mita 4, magari yakiwa yameondoka. Taa zikiwa mpya wastani uwe luksi 12.5, na pasiwe na sehemu iliyo chini ya robo yake. Kisha kaa kwenye gari langoni, kiti kikiwa cha kawaida, utazame mbele. Ikiwa bado unaona chipu za LED zenyewe waziwazi, taa imeinuliwa. Mrudishe fundi juu ya ngazi kabla hujasaini.