Kufuta faili za wingu kwenye kompyuta

Swali: "Diski ya kompyuta yangu ya Windows imejaa. Nikifuta faili kwenye folda ya OneDrive, si zitabaki mtandaoni na kwenye simu?"

Hazitabaki, ndugu. Programu ya kompyuta huilinganisha folda hiyo na wingu kwa pande zote mbili, kwa hiyo faili unayoifuta hapo hutoweka pia kwenye kivinjari na kwenye simu. Unachohitaji ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua `Free up space`: jina lake hubaki, alama yake hugeuka kuwa wingu dogo, na yaliyomo hupakuliwa upya utakapoifungua, mradi intaneti ipo. Ukiona alama ya mishale inayozunguka, subiri kwanza, kwani faili hiyo bado haijamaliza kulinganishwa na wingu.

Ikiwa umekwisha kufuta, ingia `onedrive.com` kwa kivinjari na uangalie `Recycle bin`, ambamo akaunti ya binafsi huhifadhi vilivyofutwa kwa siku 30. Kivinjari hakijazi diski kwa nakala ya folda yako, na ndiyo sababu ninakipendelea kwenye kompyuta ya kuazima, ingawa mtandao ukikatika hakina msaada.

Programu ya simu huonyesha orodha nzima bila kupakua faili zenyewe, hivyo kuliona jina la hati si uthibitisho kwamba itafunguka safarini. Chagua `Make available offline` ungali na mtandao, kisha uzime data na uijaribu.