Mwanagenzi, kibarua na mfanyakazi wa nusu siku: je, kima cha chini cha mshahara kinawahusu?

Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuandaa hesabu za mishahara. Malalamiko mengi ninayoletewa hayatoki kwa walioajiriwa kwa muda wote, bali kwa watu walioambiwa tangu siku ya kwanza kwamba kima cha chini si chao: huyu kwa sababu bado anajifunza, yule kwa sababu anaitwa pakiwa na kazi, na mwingine kwa sababu huondoka saa sita mchana. Wengi wameyakubali maelezo hayo bila kuona kifungu chochote cha sheria kinachosema hivyo.

Ushauri wangu wa kwanza ni kutenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza ni kama sheria inakuhusu. La pili ni kima hicho kinakokotolewaje kwa mtu wa aina yako. Mkataba Namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1970, unaitaka nchi iliyouridhia iweke utaratibu unaoyahusu makundi yote ya wanaolipwa ujira ambao masharti ya kazi yao yanafaa kuwekewa kima, na iyataje, pamoja na sababu, makundi yatakayoachwa nje. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kundi lako limeachwa, mwombe akuonyeshe kifungu kinacholiacha. Ukimya wa sheria juu ya vibarua haumaanishi kwamba vibarua wameachwa. Mkataba huohuo unasema pia kwamba kima kina nguvu ya sheria na hakiruhusiwi kupunguzwa, na ndiyo maana katika nchi zinazoufuata karatasi uliyotia saini ukikubali kulipwa chini yake haiwezi kukufunga.

Kwa mfanyakazi wa saa chache, swali la kwanza kwa kawaida halina ubishi, kwa kuwa anahusika kama mwingine yeyote. Mkataba Namba 175 wa mwaka 1994, unaohusu kazi za muda usio kamili, unataka ujira wake wa msingi, ukipimwa kwa uwiano, usiwe chini ya ule wa mwenzake wa muda wote kwa sababu tu ya uchache wa saa zake. Ugumu uko kwenye hesabu, na hapa naomba msomaji anifuate polepole, kwa maana kosa hili ni rahisi kufanyika na ni gumu kuonekana.

Tuseme kima cha chini cha mwezi ni 195,000 kwa wiki ya saa 45. Mwaka una wiki 52, hivyo saa za mwezi mmoja ni 45 mara 52, gawa kwa 12, ambazo ni saa 195, na kila saa inakuwa na thamani ya 1,000. Mfanyakazi wa saa 20 kwa wiki, kwa njia hiyohiyo, ana saa 86 na theluthi mbili kwa mwezi, na stahili yake ni 86,667. Sasa tuseme hati yake ya malipo inaonyesha 80,000. Mwajiri anaweza kuitetea kwa moyo mweupe kabisa: saa 20 kwa wiki, mara wiki nne, mara 1,000. Lakini miezi kumi na miwili ya wiki nne ni wiki 48 tu, wakati mfanyakazi huyo ameajiriwa kwa wiki zote 52. Pengo la 6,667 kila mwezi hufikia 80,000 kwa mwaka, yaani mshahara wake wa mwezi mzima. Ukiona mshahara wa mfanyakazi wa saa chache ni zao kamili la wiki nne, anzia hapo kuuliza. Soma pia amri ya mishahara inayokuhusu, kwa kuwa baadhi hutaja kigawanyo chao au hupanga kima cha saa moja kwa moja, na kilichotajwa humo ndicho kinachofuatwa.

Kwa kibarua sitakaa sana. Kima chake huwekwa kwa siku au kwa saa, na hasara yake kubwa hutokana na siku isiyo na mwisho. Anayelipwa 8,000 kwa siku ya saa nane amefikia 1,000 kwa saa. Akibakizwa hadi afikishe jumla ya saa kumi na moja za kazi kwa malipo yaleyale, anapata takriban 727 kwa saa. Anayelipwa kwa kipande, kwa mfano kwa kila gari analopakua, ajumlishe alichopata na akigawe kwa saa zote, zikiwemo zile ambazo mwajiri alimtaka asubiri palepale kazini, pale ambapo sheria inazihesabu. Vilevile achunguze kama sheria yao inambadilisha kibarua kuwa mwajiriwa wa kawaida baada ya kufanya kazi mfululizo kwa muda fulani, jambo ambalo nchi kadhaa zimeliweka.

Mwanagenzi ndiye mwenye shida halisi, kwa sababu hapa sheria nyingi huruhusu kima pungufu au humtoa kabisa. Ruhusa hiyo kwa kawaida huja na masharti: mkataba wa maandishi, mara nyingi uliosajiliwa, muda wenye mwisho, na mafunzo yanayotolewa kweli. Pendekezo Namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, linalohusu uanagenzi bora, linataka mwanagenzi apate malipo ya kutosha, na linasema yanaweza kuongezwa hatua kwa hatua kadiri ujuzi unavyokua. Masharti yakikosekana, kilichobaki ni kazi, na kazi ina kima chake.

Kijana mmoja aliyekuwa karakana ya kuchomelea vyuma aliniambia, "Mzee, mimi sina haki ya kudai, ni mwanagenzi tu." Nikamwomba daftari lake. Alikuwa ameandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na kazi aliyopewa. Kurasa za mwanzo zilionyesha kukata vyuma, kupima, kisha kuunganisha chini ya usimamizi wa fundi. Baadaye kila mstari ulisema jambo moja: mageti ya wateja, peke yake, kutwa nzima, na wakati mwingine yeye ndiye aliyemwelekeza kijana mgeni. Hapakuwa na mkataba wa maandishi wala tarehe ya kumaliza. Swali nililoliuliza karakana lilikuwa hili: siku asipofika, ni nani hufanya kazi yake? Jibu lilikuwa kwamba huitwa fundi wa kulipwa. Hilo lilionyesha kwamba anajaza nafasi ya mfanyakazi, na mwajiri, baada ya kuliona daftari, alikubali kumlipa kima kamili pamoja na tofauti ya kuanzia ukurasa ule ambapo mafunzo yalikoma.

Kwa kipindi cha mwanzo hatukudai chochote, na naamini tulifanya sawa, kwa kuwa wakati ule alifundishwa kweli na madai ya kipindi hicho yangeyadhoofisha yale yenye ushahidi.

Anayetaka kudai aanze kwa barua yenye hesabu yake, akibakiza nakala, kabla ya kwenda kwa afisa kazi. Asichelewe kwa matumaini ya ahadi za mdomo, kwa sababu sheria za kazi huweka ukomo wa muda wa kudai, na mazungumzo yanayoendelea hayausimamishi ukomo huo isipokuwa sheria yenyewe iseme hivyo.