Kabla ya kukata nguo ya kuogelea, pima kitambaa kinavyorudi

Wateja wengi wanaoniletea kitambaa hapa Malindi, cha taiti ya mazoezi au nguo ya kuogelea, huniambia neno moja: "Fundi, hiki kinavutika sana." Wanakivuta kwa mikono miwili, kinafuata, wanaridhika. Mimi huwaomba wakiachie, tukitazame tena. Kila kitambaa cha aina hii huvutika. Kinachotofautisha nguo ya kudumu na nguo ya wiki mbili ni namna kitambaa kinavyorudi baada ya kuvutwa.

Kitambaa cha fulana hufumwa kwa vitanzi vya uzi, na kitanzi hunyooka ukikivuta hata kama uzi wenyewe ni pamba tupu. Ile ribu ya shingo ya fulana hupanuka sana hata isipokuwa na chembe ya mpira ndani yake. Shida ni kwamba kitanzi kikishanyooka hakina cha kukilazimisha kujikunja tena. Kazi hiyo ndiyo ya elasteni, uzi mwembamba wa jamii ya poliyurethani ambao unaweza kuvutwa mara tano ya urefu wake au zaidi na bado ukarudi. Madukani utasikia ukiitwa laikra au spandeksi. Huwa haufumwi peke yake: unachanganywa na nailoni, poliesta au pamba, na hizo ndizo unazozigusa kwa mkono.

Watu wakishajua hilo hukimbilia asilimia. Wanauliza kama ni 5 au 20, wakidhani yenye nyingi ndiyo bora. Asilimia ile hupimwa kwa uzito, na hapo ndipo inapopotosha. Chukua kitambaa chepesi cha gramu 150 kwa mita ya mraba chenye elasteni asilimia 20: ndani yake mna gramu 30 za elasteni. Chukua kingine kizito cha gramu 250 chenye asilimia 12: nacho kina gramu 30 zile zile. Kwenye lebo cha kwanza kinaonekana bora mno, lakini vyote vina mpira sawa. Ongeza hapo kwamba ufumaji nao una nguvu zake. Vitambaa vingi vya kuogelea hufumwa kwa mashine inayofunganisha vitanzi kwa urefu wa kitambaa, kwa hiyo hubana vizuri, na havichanuki ovyo ukivikata. Kile cha mtindo wa fulana, kilicholegezwa, huchelewa kurudi hata kikiwa na elasteni ya kutosha.

Kwa hiyo mimi lebo naisoma, halafu napima. Kukunja kitambaa pembeni na kukivuta kidogo dukani hakutoshi. Kata kipande au tumia pembe ya kitambaa, kilaze mezani bila kukinyoosha, weka alama mbili za chaki zilizoachana sentimita 10, zikiwa mbali na ukingo. Shika nje ya alama, vuta juu ya rula mpaka alama zifike sentimita 15, ushikilie dakika moja nzima. Achia, kilaze, subiri dakika moja, pima tena. Kikirudi 10.2, kimebaki na ongezeko la asilimia 2. Kikirudi 10.8, ni asilimia 8. Fanya hivyo kwa upana, kisha kwa urefu, maana vitambaa vingi hurudi vizuri upande mmoja tu, na nguo ya kuogelea ya kipande kimoja huvutwa kutoka begani hadi mapajani kila mtu anapoinama.

Kisha, na hii wengi wanairuka, loweka kipande hicho kwenye maji ya chumvi, kikamue taratibu na urudie kipimo kikiwa kibichi. Nguo ya kuogelea haivaliwi kavu.

Nitoe mfano wa kazi moja. Mama mmoja alitaka vazi la stara la kuogelea, msimu wa kaskazi, bahari ikiwa ya joto na watoto hawatoki majini: suruali ya kubana na gauni jepesi la juu linalofika magotini. Alikuja na vitambaa viwili vyeusi. Cha kwanza kilikuwa pamba asilimia 95 na elasteni 5, laini, haking'ai hata kidogo. Cha pili nailoni 82 na elasteni 18, chenye mng'ao upande mmoja. Alikipenda cha kwanza.

"Fundi, hiki cha pili kinang'aa, kitanichora. Hiki cha pamba kimetulia."

"Mama, kimetulia kikiwa kavu. Hebu tukiloweshe kwanza."

Kikavu, cha pamba kilirudi 10.5 na cha nailoni 10.1. Vikiwa vibichi, cha pamba kilibaki 10.9, cha nailoni 10.2. Nyonga zake zilikuwa sentimita 100. Suruali ya kuogelea hukatwa ndogo kuliko mwili, ndiyo maana inashika. Kwa kitambaa cha namna hii mimi hupunguza asilimia 10, yaani nakata sentimita 90. Sasa fanya hesabu. Cha pamba kikiongezeka asilimia 9, zile 90 zinakuwa 98.1. Kati ya sentimita 10 tulizopunguza ili nguo ishike, zimebaki sentimita 1.9. Cha nailoni kikiongezeka asilimia 2 kinafika 91.8, na sentimita 8.2 za kushika bado zipo.

Hesabu hii ni kali kuliko mwili wenyewe. Kwenye nyonga nguo hiyo huvutika kama asilimia 11 tu, wakati mezani tumeivuta 50. Lakini magotini na makalioni, mtu anapochuchumaa kumbeba mtoto, ngozi hunyooka sana, na huko ndiko suruali huanza kulegea. Kipimo cha mezani kinakuonyesha kipi kitaanza mapema.

Pamba ina mzigo wa pili: hunywa maji. Uzito wa maji yale huivuta suruali chini pale mtu anapotoka baharini, na elasteni asilimia 5 haina nguvu ya kuubeba. Nailoni hunywa kidogo, na poliesta hunywa kidogo kuliko hata nailoni. Tukakubaliana suruali iwe ya nailoni, nikaishona upande usiong'aa ukiwa nje. Gauni la juu halikuhitaji elasteni kabisa, kwa sababu halibani. Nikatumia poliesta nyepesi isiyoonyesha mwili. Huwa nasikitika kuona mtu amelipia mita tatu za kitambaa ghali cha kuvutika kwa sehemu ya nguo inayoning'inia tu.

Kwa kanuni yangu, kitambaa kinachoongezeka chini ya asilimia 3 kikiwa kibichi nakitumia kwa kuogelea bila wasiwasi. Kati ya 3 na 5 nakiweka kwa taiti za kutembea na mazoezi mepesi, au kwa kuogelea nikitia bitana ya kuvutika, kwa kuwa tabaka mbili husaidiana kurudi. Zaidi ya hapo nakirudisha kwa mwenyewe, hata akiniambia amekitoa Mombasa, Mtaa wa Biashara, kwa bei kubwa. Pamba yenye elasteni haina ubaya mahali pake. Kwa mtu anayefanya mazoezi ya kunyoosha viungo nyumbani, bila jasho jingi, ni nzuri na ina hewa.

Vitambaa vingi tunavyonunua kwa mita havina lebo, na muuzaji atakujibu "hii laikra" kwa kila kitu. Chomoa nyuzi kwenye ukingo uliokatwa, polepole. Ukiona uzi mwembamba mweupe au wa kuangaza unaovutika na kuruka nyuma, elasteni ipo. Ukivuta kitambaa cha rangi iliyokolea na weupe ukajitokeza katikati ya vitanzi, ujue kitaonyesha hivyo hivyo makalioni. Choma kipande kidogo nje ya nyumba, ukikishika kwa koleo: chenye pamba nyingi hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu, cha nailoni au poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu.

Bahari yenyewe si adui mkubwa wa elasteni. Klorini ndiyo inayoivunja, na hapa kwetu hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kushona, kwa sababu mtu mmoja huogelea ufukweni na mwingine kila asubuhi yuko kwenye bwawa la hoteli. Kwa huyu wa bwawa mimi humshauri kitambaa cha poliesta pekee iliyotengenezwa kuvutika kwa uzi wake wenyewe. Hakibani kwa ulaini kama chenye elasteni nyingi, lakini klorini haikisumbui. Akisisitiza elasteni, nguo aichukulie kuwa ya muda. Joto na jua kali huichosha pia, na mafuta: ya kujikinga na jua, na hata mafuta ya nazi tunayojipaka. Nguo isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tu baada ya kuogelea, ioshwe kwa sabuni kidogo, isisokotwe kama kanga, ianikwe kivulini. Malindi tuna jambo la ziada: Mto Sabaki ukifurika, maji ya ghuba huwa mekundu kwa udongo, na chembe zake huingia kwenye vitanzi. Isuuze mara mbili tatu, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, mpaka maji yawe meupe. Pasi isiiguse.

Fundi mwenzangu, sindano ya kawaida yenye ncha kali hukata uzi wa elasteni kwenye mshono. Utaona nywele nyeupe zikichomoza kando ya mshono baada ya kuvaliwa mara chache, na sehemu hiyo kulegea wakati kwingine kote kitambaa ni kizima. Tumia sindano ya ncha ya mviringo, namba 75, na mshono wa zigizaga au ovaloki, na usikivute kitambaa kinapopita chini ya mguu wa cherehani. Kikishafika nyumbani kutoka kwenye roli, kikunjue ukiache usiku kucha mezani kabla ya kukata, maana rolini kilikuwa kimevutwa, na ukikikata papo hapo nguo itakuwa ndogo kesho yake.

Kipimo kile kile kinafaa kwa nguo ya zamani. Weka alama za sentimita 10 sehemu ya makalioni, vuta, achia, pima. Watu huniletea nguo iliyolegea wakitaka niibane pembeni, na nikikuta inabaki 10.7 au 10.8 huwa nakataa kupokea pesa yao. Mshono mpya utaifanya nguo ivutwe zaidi kila ikivaliwa, na elasteni iliyokatika ndani haiwezi kuirudisha, kwa hiyo itapwaya tena upesi.