Maswali na majibu: Upangaji kwa viputo na upangaji kwa kuunganisha

Kazi ya nyumbani inasema "onesha kwamba upangaji kwa viputo ni O(n²)". Niandike umechukua sekunde ngapi?

Usiandike sekunde. Sekunde zinategemea kompyuta yako, lugha ya programu, hata programu nyingine zilizofunguliwa wakati ule. Hesabu ni mara ngapi algoriti inalinganisha namba mbili, kisha angalia hesabu hiyo inakuaje orodha inapokua.

Upangaji kwa viputo hupita orodha ukilinganisha kila jirani na jirani yake, na wakiwa wamekaa kinyume unawabadilishana nafasi. Mzunguko wa kwanza unaisukuma namba kubwa kuliko zote hadi mwisho. Wa pili unafanya hivyo kwa inayofuata, na kwa kuwa ya mwisho imeshatulia, unalinganisha mara moja pungufu. Kwa namba 8 ni 7+6+5+4+3+2+1, yaani 28. Kwa namba n ni n(n-1)/2.

Weka n = 1,000 upate 499,500. Weka 2,000 upate 1,999,000. Orodha imekuwa mara mbili, kazi imekuwa karibu mara nne. Hiyo mara nne ndiyo maana ya n². Ile "gawa kwa 2" tunaiacha kwa sababu haibadilishi uwiano huo: nusu ya kitu kinachokua mara nne nayo inakua mara nne.

Kwenye upangaji kwa kuunganisha, kugawa orodha nusu kwa nusu nimeelewa. Nisichoelewa ni hiyo log n inatoka wapi, maana kugawa tu hakupangi kitu.

Kweli kabisa, kugawa hakupangi kitu. Kazi yote iko kwenye kuunganisha, na njia ya kuiona ni kufuata orodha moja kwa kalamu. Tuchukue 5, 2, 8, 1, 7, 3, 6, 4.

Ukigawa hadi kila namba ibaki peke yake, unaanza kurudi juu. Kwanza unaunganisha moja na moja: (2, 5), (1, 8), (3, 7), (4, 6). Umelinganisha mara 4. Ngazi ya pili, (2, 5) na (1, 8) zinatoa (1, 2, 5, 8). Unatazama vichwa viwili tu, unachukua kilicho kidogo, unarudia. Hapo ni mara 3, na upande wa pili unaotoa (3, 4, 6, 7) ni mara 3 tena. Ngazi ya tatu, hizo nusu mbili zinaungana kwa kulinganisha mara 7. Jumla 4+6+7 = 17, dhidi ya 28 za viputo.

Sasa angalia ngazi zenyewe. Katika kila ngazi namba zote 8 zinaguswa mara moja, kwa hiyo kazi ya ngazi moja haizidi n. Na ngazi ni ngapi? Ni mara unazoweza kugawa 8 kwa mbili hadi ufike 1: 4, 2, 1. Tatu. Hiyo ndiyo log n. Ngazi log n, kila moja kazi isiyozidi n, unapata n log n.

Uzuri wake unajitokeza orodha ikikua. Ukiiongeza maradufu, unaongeza ngazi moja tu. Kwa namba 1,000 hutalinganisha zaidi ya mara 8,977, na kwa 2,000 hutazidi 19,953. Si mara nne. Ni mara mbili na ziada kidogo.

Nimeweka kisimamishi: mzunguko ukipita bila kubadilishana chochote, programu inasimama. Rafiki yangu anasema sasa viputo ni O(n) kwa orodha iliyokaribia kupangika. Ni sahihi?

Kwa orodha iliyokwisha kupangika ni sahihi: mzunguko mmoja, mara 7 kwa namba 8, basi. Hapo viputo wanaushinda hata upangaji kwa kuunganisha, ambao bado utalinganisha mara 12. Lakini neno "iliyokaribia" ndilo linalomponza rafiki yako. Huu ndio msimbo tunaouzungumzia:

```python
def bubble_sort(a):
    n = len(a)
    for i in range(n - 1):
        imebadilika = False
        for j in range(n - 1 - i):
            if a[j] > a[j + 1]:
                a[j], a[j + 1] = a[j + 1], a[j]
                imebadilika = True
        if not imebadilika:
            break
```

Ipe 8, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7. Namba moja tu iko mahali pasipo pake. Mzunguko wa kwanza unaibeba 8 hadi mwisho, wa pili unathibitisha, umemaliza kwa mara 13.

Sasa ipe 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 1. Hapa pia namba moja tu imepotea, lakini ni ndogo na iko mwishoni. Mzunguko unakwenda kulia, kwa hiyo 1 inarudi kushoto hatua moja tu kila mzunguko. Inahitaji mizunguko yote 7, na unalinganisha mara 28 kamili, sawa na ile orodha mbaya kuliko zote. Kinachoamua idadi ya mizunguko ni namba gani ina safari ndefu zaidi ya kurudi kushoto, wala si wingi wa namba zilizokosea mahali.

Ile orodha yetu ya kwanza, kwa msimbo huu, inalinganisha mara 25. Kisimamishi kimeokoa mara 3. Kwa hiyo andika: hali bora ni O(n), hali mbaya inabaki O(n²).

Nilipima kwa namba 5,000. Mara ya kwanza viputo vilichelewa, lakini niliporudia kipimo mara kadhaa vilimaliza papo hapo. Kompyuta imezoea?

Haijazoea. `bubble_sort` inapanga orodha ileile uliyoipa, kwa hiyo kuanzia mara ya pili unaipa orodha iliyopangwa tayari. Hesabu ulinganishaji na utaona 4,999 kamili, ishara kwamba ulipita mzunguko mmoja. Toa nakala kabla ya kila kipimo, nje ya saa:

```python
nakala = data[:]
mwanzo = time.perf_counter()
bubble_sort(nakala)
muda = time.perf_counter() - mwanzo
```

Kosa hili nimelikuta kwenye kazi nyingi ninazosahihisha, na linaumiza kwa sababu mwanafunzi amefanya kila kitu kingine vizuri.

Kwa namba 8 viputo vimekuwa haraka zaidi hata nilipotumia nakala. Nifute jibu langu?

Usifute, liandike hivyohivyo. Upangaji kwa kuunganisha unaita kitendakazi tena na tena na kuunda orodha mpya kila unapounganisha, na gharama hizo ni nzito kuliko tofauti ya 17 na 28. O inaeleza kazi inavyokua, haiahidi ushindi kwenye orodha fupi. Hata `sorted` ya Python, inayotumia Timsort ya Tim Peters ya mwaka 2002, huunganisha vipande vikubwa, lakini vipande vifupi huvipanga kwa kuchomeka kila namba mahali pake, njia ambayo nayo ni O(n²).